Kaburi Bila Jembe

Mei 2018, miezi mitatu baada ya kumzika baba, nililetewa kipeperushi cha kurasa mbili nikitafsiri. Siku hizo nilikuwa mkalimani. Mchana nilikaa na kina mama wa Kikongo na Kirundi kwenye vyumba vya madaktari, jioni nikatafsiri makaratasi kwenye meza ya jikoni kwetu, katika fleti ya ghorofa ya pili jirani na Park Lane, hapa Vickery Meadow, Dallas. Kipeperushi kiliwahusu wafiwa. Kilisema kwamba mtu akifiwa hupita hatua 5: kwanza hukana, kisha hukasirika, kisha kuna hatua ya tatu, kisha huzama katika huzuni, mwisho hukubali.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonikwamisha. Neno lake kwa Kiingereza ni lile lile la sokoni, pale mnunuzi anapomshika muuzaji ashushe bei. Niliandika "kupatana bei", nikafuta. Nikaandika "kuafikiana", nikafuta tena. Mama alikuwa ameketi pembeni anachambua maharage.

"Mama, mtu amefiwa, sasa anajaribu kupatana. Tunasemaje?"

"Kupatana na nani?"

"Na Mungu."

Aliinua macho kutoka kwenye sinia. "Bei ya nini, mwanangu? Maiti si imeshazikwa?"

Nilicheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kucheka nikiwa na mama tangu Februari. Lakini swali lile halikuondoka, na lilikuja kunipeleka mahali ambapo sikutarajia. Kabla ya kufika huko inabidi nieleze tulikuwa tumefikaje kwenye meza ile, na kwa nini upande wa pili wa meza kiti cha kaka kilikuwa kitupu.

Baba alikuwa mvuvi wa Baraka, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi. Vita vya 1996 vilituvusha ziwa hadi Kigoma, na kutoka hapo tukapelekwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inafunguliwa. Tulikaa huko miaka 19. Mdogo wangu wa kiume alizaliwa huko. Mwaka 2015 tukaletwa Dallas. Wakimbizi wengi waliletwa mtaa huu kwa sababu una fleti nyingi za bei nafuu zilizobanana, zilizojengwa miongo iliyopita kwa ajili ya vijana waseja. Ukisimama kwenye maegesho jioni utasikia Kiswahili, Kinepali, Kisomali, Kiarabu na Kiburma kabla hujamaliza kufunga mlango wa gari.

Baba alipata kiharusi alfajiri moja ya Februari, akafa siku ya pili hospitalini. Tulimzika siku ya tisa. Huko kwetu siku tisa ni aibu, lakini fedha zilikuwa bado zinachangwa, na hapa mwili hausubiri kwenye chumba cha nyumbani ukizungukwa na kina mama. Sheria za Texas zinataka mwili unaokaa zaidi ya saa 24 utiwe dawa, uhifadhiwe kwenye baridi, au ufungiwe ndani ya chombo kisichovuja. Kwa hiyo baba alikuwa kwenye jokofu la watu tusiowajua, na sisi tulikuwa kwenye matanga bila maiti.

Matanga yenyewe yalikuwaje? Tulitoa makochi nje, tukatandaza magodoro sebuleni. Kina mama walijaa. Wanaume walisimama kwenye ngazi za nje na makoti, kwa sababu huwezi kuwasha moto kwenye maegesho ya magari. Usiku wa pili kilio cha mama kilipita ukuta. Saa sita na nusu polisi wawili wakabisha hodi kwa upole, wakaeleza kwamba kuna aliyepiga simu akidhani mtu anapigwa. Niliwatafsiria. Tangu usiku ule mama akawa analia akiwa ameuma upindo wa kitenge.

Kaka hakulia. Kaka ndiye mkubwa wetu. Alikuwa akifanya kazi za usiku kwenye ghala la mizigo. Alipiga simu zote, alipokea michango, aliandika majina kwenye daftari, alilipia jeneza. Siku ya maziko tulipofika makaburini tulikuta shimo limeshachimbwa kwa mashine, na kando yake udongo umefunikwa zulia la kijani la plastiki, kana kwamba udongo ni kitu cha kuficha. Sala ilipokwisha tukaombwa twende kwenye magari. Kaka akamwuliza yule msimamizi kama anaweza kupewa jembe. Nilitafsiri swali hilo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza msimamizi hakuelewa anaulizwa nini. Jibu lilikuwa hapana, kwa sababu za usalama. Tulimwacha baba juu ya kaburi wazi, tukaondoka, na mashine ikafukia tukiwa barabarani.

Siku mbili baadaye kaka alirudi kazini. Alikuwa amepewa ruhusa ya siku tatu, nazo zilikuwa hisani ya mwajiri, maana Marekani hakuna sheria ya taifa inayomlazimu mwajiri binafsi kumpa mtu siku za kufiwa. Mama hakutaka kusikia habari hiyo. Aliona kitu kimoja tu: mzaliwa wake wa kwanza amevaa fulana ya kazi wakati godoro la matanga halijakunjwa.

Na mdogo wangu, aliyekuwa na miaka 15, alikuwa na tatizo lake. Alikuwa anamwigiza baba. Alikohoa kama baba, aliita "nani kazima taa?" kwa sauti ya baba mpaka ukageuka kutazama mlangoni, halafu akacheka. Mara ya tatu mama alimpiga kofi.

Mambo yalipasuka siku ya arobaini. Watu walikuwa wameshakula. Mama alisema, bila kupandisha sauti, mbele ya wazee wa kanisa: "Huyu hata machozi hana. Labda baba yake alikuwa jirani." Kaka aliweka sahani chini, akachukua funguo, akatoka. Akahamia kwa rafiki yake upande wa pili wa mtaa. Ndiyo maana kiti kilikuwa kitupu.

Nikiwa na kipeperushi kile mezani nilijaribu, nakiri, kuwapanga watu wangu. Kaka nikamweka kwenye kukana. Mama nikamweka kwenye hasira. Mdogo wangu sikumpatia mahali, hakuna hatua ya kuigiza kikohozi. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nimetafsiri kila kitu kuanzia maneno ya daktari hadi mkataba wa makaburi bila kutoa chozi, nikajiweka kwenye kukubali, juu kabisa, kama mwanafunzi anayejisahihishia mtihani. Jambo la hatari kwenye orodha hizi ni kwamba zinakuwa fimbo. Ukishaamini kuna njia moja, kila asiyekuwa hapo ulipo anaonekana amechelewa au amepotea.

Swali la mama ndilo lililonitoa hapo. Kwenye Northwest Highway, ukingoni mwa mtaa wetu, kuna duka kubwa sana la vitabu vilivyotumika. Nilikwenda Jumamosi moja nikatafuta chimbuko la zile hatua 5. Ni kitabu cha 1969 cha daktari wa akili aliyezaliwa Uswisi, Elisabeth Kübler-Ross. Nilikisoma nikiwa nimekaa sakafuni kati ya rafu, kwanza kwa uchovu, baadaye nikiwa nimeshtuka. Kitabu hakiwahusu wafiwa. Kinawahusu wanaokufa. Daktari yule alizungumza na wagonjwa zaidi ya 200 katika hospitali ya Chicago, watu wenye ugonjwa usiopona, akaeleza wanavyoipokea habari ya kifo chao wenyewe.

Sasa swali la mama lilikuwa na jibu. Mgonjwa anayekufa bado ana kitu cha kuombea bei: nipe niione harusi ya binti yangu, nipe hadi Krismasi. Mfiwa hana. Orodha ya wenye safari ilihamishwa ikawekwa juu ya waliobaki bandarini, na watu wakaikariri kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili yao. Kübler-Ross mwenyewe alikuja kuzitumia hatua hizo kwa wafiwa pia, lakini katika kitabu chake cha mwisho kuhusu msiba, alichoandika na David Kessler na kikatoka 2005 yeye akiwa ameshafariki, walisema wazi kwamba hatua hizo zimeeleweka vibaya na hazikuwekwa ili kuzipanga hisia za watu kwenye vifurushi safi.

Watafiti wengine walikuja kuwapima wafiwa hasa. Katika utafiti wa Connecticut uliochapishwa 2007, wafiwa 233 waliulizwa hali zao kwa vipindi mbalimbali ndani ya miaka miwili. Hata katika miezi ya mwanzo, kukubali kwamba mtu amekufa kulikuwa juu kuliko kukana, na kilichowatesa zaidi ya vyote ni kiu ya kumtamani marehemu. Nikamkumbuka mama. Hajawahi hata dakika moja kukana kwamba baba amekufa. Alimfunga kidevu kwa mkono wake. Alichokuwa nacho ni ile kiu.

Kulikuwa na mchungaji mmoja wa hospitali, mama wa makamo, ambaye nilikuwa nikimfanyia ukalimani kwa wagonjwa wa Kikongo. Nilimweleza habari za nyumbani. Aliniambia kuhusu watafiti wawili wa Utrecht, Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, ambao mwaka 1999 waliandika kwamba mfiwa hapandi ngazi, bali anakwenda na kurudi. Kuna saa anaukabili msiba: analia, anashika nguo za marehemu, anasimulia. Kuna saa anaugeuzia mgongo akashughulika na yale ambayo msiba umeyavuruga: kodi ya nyumba, nani sasa atampeleka mtoto shule, mimi ni nani nisipokuwa mke wa fulani. Kwa maelezo yao kote kuwili ni kuomboleza, na kupumzika kutoka kwenye kilio si kumsahau mtu. Anayekaa upande mmoja tu bila kuvuka ndiye wa kuangaliwa.

Halafu akaniuliza swali moja: "Huko kwenu, wanaume kama kaka yako hufanya nini kwenye msiba?"

Sikumjibu. Nilikwenda kumwuliza mama.

Nilisubiri Jumapili tukiwa tunasonga ugali, kwa sababu mama hujibu vizuri mikono yake ikiwa kazini. Nikaanzia mbali. "Mama, bibi alipofariki Nyarugusu, nani walichimba kaburi?"

Akawataja. Kaka, aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati ule, mjomba, na wanaume wanne wa mstari wetu wa nyumba. Akakumbuka kwamba udongo ulikuwa mwekundu na mgumu, na kwamba jembe moja lilivunjika mpini.

"Walilia?"

"Wangelia saa ngapi? Si walikuwa wanachimba."

"Na uliwaona hawana uchungu?"

Mwiko ukasimama. Hakusema kitu. Nikaendelea kuuliza, nani alipika, nani alipokea wageni, nani alikaa na maiti. Kwa kila kazi alikuwa na jina. Akafika mwenyewe kwa wajukuu. Huko kwetu mjukuu na bibi ni watani, na siku ya kumzika bibi wajukuu walijifunga kanga zake, wakatembea kwa kuchechemea kama yeye, wakadai wapewe chakula cha bibi kwa sababu hajashiba. Watu walicheka huku wanafuta machozi. Hakuna aliyewapiga kofi.

Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoelewa, na nilimwambia mama hivyo hivyo nilivyoelewa. Kule nyumbani matanga yalikuwa na nafasi ya kila aina ya uchungu. Mwenye uchungu wa machozi alikaa ndani kwenye mkeka. Mwenye uchungu wa mikono alipewa jembe, nyundo au sufuria. Mwenye uchungu wa mzaha alipewa kanga ya marehemu avae. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kwa nini huombolezi kama mimi, kwa sababu kazi zilikuwa zinaonekana. Tulipofika Vickery Meadow mashine ilichukua jembe, duka likachukua jeneza, jokofu likachukua maiti, na chakula kikaletwa kwenye trei za karatasi ya fedha. Kikabaki kitu kimoja tu cha kufanya ambacho watu wanaweza kukiona: kukaa sebuleni na kulia. Na hata hicho polisi walikijia.

Mtaa huu ulishaona msiba uliopunguzwa zaidi ya wetu. Tulipofika mwaka 2015 watu walikuwa bado wanatuonyesha fleti alizofikia Thomas Eric Duncan, Mliberia aliyekufa kwa ebola tarehe 8 Oktoba 2014. Waliokuwa wakiishi naye walikuwa bado kwenye karantini ya siku 21 alipokata roho, na mwili wake ulichomwa moto. Mama alisimuliwa hayo wiki yetu ya kwanza. Hakuuliza kuhusu ugonjwa. Aliuliza: nani aliwashika mkono?

Wamarekani nao wana majina ya mambo haya. Kenneth Doka na Terry Martin wameandika kwamba wapo wanaoomboleza kwa kuhisi na kutoa, na wapo wanaoomboleza kwa kufikiri na kutenda, na kwamba wengi wetu ni mchanganyiko. Walisisitiza pia kuwa si suala la mwanamume na mwanamke, ingawa malezi yanasukuma. Hilo ni kweli kwetu: mimi ni mwanamke na nilikuwa upande wa kaka, ila kazi yangu ilikuwa ya mdomo. Jirani yetu wa Kisomali, aliyejifunza Kiswahili kambini Kenya, alikaa eda ya mumewe miezi minne na siku 10 mwaka uliofuata. Niligundua kitu kwake. Eda inamwambia akae muda gani, avae nini, asitoke bila haja. Haimwambii wiki ya tatu ahisi hasira na wiki ya 10 akubali. Mila zetu, za Kiislamu na za Kikristo, zimepanga muda na kazi, na moyo zikauachia nafasi yake.

Mama hakunikubalia yote. Alisema, "Sawa, lakini hata mchimbaji akimaliza huja akakaa na wafiwa." Bado naona ana haki. Kuna kosa la pande zote mbili: kaka hakuwahi kutuambia alichokuwa anafanya.

Alichokuwa anafanya tulikijua kwa stakabadhi. Kaka alikuwa ameacha mfuko wa nguo chafu kwetu. Mama alipopekua mifuko ya suruali kabla ya kuzipeleka kwenye mashine, alitoa karatasi nne za duka la vifaa vya bustani. Udongo, mifuko miwili. Udongo, mifuko mitatu. Reki. Alidhani kaka amepata kibarua cha bustani. Nilimpigia simu. Alinyamaza kidogo, kisha akaeleza kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti. Mvua za Machi zilikuwa zimetitiza kaburi, likawa na bonde katikati kama mtumbwi. Udongo wa Dallas ni mfinyanzi mweusi, unavimba ukilowa na unapasuka ukikauka. Kila Jumatano akitoka kazini saa kumi na mbili asubuhi alikuwa anapita makaburini kabla ofisi haijafunguliwa, anaongeza udongo, anausawazisha, anakwenda kulala. Alikuwa ameanza wiki ya pili baada ya maziko. Siku ile ya arobaini, mama alipomwambia baba alikuwa jirani, alikuwa na matope kwenye viatu.

Mama hakusema amekosea. Jumatano iliyofuata alikaa kwenye ngazi tangu saa kumi na moja alfajiri akiwa amevaa koti la baba, na kaka alipopita kumchukua aliingia kwenye gari.

Zamu yangu ilikuja Novemba, miezi tisa baada ya maziko. Nilikuwa kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, nikaona pakiti ya ndagala. Nilisoma kwamba wametoka Ziwa Tanganyika. Nililia nimesimama kati ya unga wa muhogo na mafuta ya mawese mpaka mwenye duka akaniletea ndoo ya rangi nikalie. Kwa orodha ile nilikuwa nimeshamaliza.

Niseme na upande wa pili, kwa sababu nimewasikia watu wakilichukua neno "hakuna hatua" wakalifanya kisingizio cha kumwacha mtu azame. Tangu Machi 2022 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani una jina la msiba unaokwama. Wanahesabu angalau mwaka mmoja kwa mtu mzima, miezi 6 kwa mtoto, na wanatazama kama ile kiu au mawazo ya marehemu bado yanamshika karibu kila siku kwa mwezi mzima, pamoja na dalili nyingine, kiasi kwamba kazi, malezi na usafi vimesimama. Pia wanatakiwa kulinganisha na mila ya mfiwa kabla ya kumpa jina hilo. Kwa hiyo ukitaka kumpima ndugu yako, usimwulize yuko hatua ya ngapi. Tazama kama anavuka: kama anayelia huwa anapata saa ya kupika, na kama anayefanya kazi huwa anapata saa ya kukaa. Na akisema anataka kumfuata marehemu, usisubiri mwaka.

Mdogo wangu ana sauti 11 za baba kwenye simu yake, zile za Wasapu. Ya mwisho ni baba akiuliza nani kazima taa. Mama huomba aisikilize, siku nyingine anacheka, siku nyingine anatoka chumbani.

Kipeperushi nilikirudisha bila kukitafsiri, na barua ya ukurasa mmoja kueleza kwa nini. Sikulipwa. Miaka ya karibuni nikipigiwa simu kwamba kuna msiba kwenye fleti fulani, swali langu la kwanza kwa wenye makaburi ni kama familia itaruhusiwa kufukia yenyewe. Baadhi hukubali, ukiuliza mapema na kabla ya kutia saini mkataba. Uliza.